Kabla Hujamwosha Maiti, Uliza: Nani Amemwona?



Mwaka juzi tulimzika kijana wetu wa Uthiru. Alionekana mara ya mwisho baada ya swala ya Isha, na alfajiri akapatikana kifudifudi kwenye mtaro kando ya Waiyaki Way. Maafisa waliokuja wakasema amegongwa na gari likakimbia. Adhuhuri tulikuwa tumeshamwosha, Alasiri yuko kaburini. Hakuna daktari aliyemfungua. Wazee walisema maiti asicheleweshwe, na afisa mmoja akatusifu kwa kuzika haraka.

Siku kadhaa baadaye, ndugu aliyemwosha akaniambia kitu ambacho bado kinanisumbua. Miguu haikuwa na jeraha hata moja. Na mgongo wote ulikuwa na weusi wa zambarau.

Sasa sikizeni. Mtu aliyegongwa akiwa amesimama, bampa humpata kwanza miguuni, kwa hiyo mtaalamu wa kupasua maiti huanza kwa kupima jeraha la mguu liko juu ya kisigino kwa kiasi gani. Hutafuta pia michubuko ya lami, vipande vya rangi ya gari na alama za tairi. Mguu mzima hauthibitishi kwamba hakugongwa, kwa sababu huenda alikuwa ameshalala barabarani. Lakini unamlazimu mpelelezi aulize swali la pili.

Na ule weusi? Moyo ukisimama, damu hushuka upande ulio chini. Huanza kuonekana ndani ya saa moja au mbili, na baada ya saa nane hadi kumi na mbili hivi hukaa pale pale hata ukimgeuza maiti. Kwa hiyo mtu aliyefia kifudifudi akaachwa hivyo usiku kucha anatakiwa awe na weusi kifuani na usoni. Akiwa nao mgongoni, inawezekana alifia mahali pengine, akalala chali kwa masaa, kisha akatupwa mtaroni. Inawezekana pia damu ilikuwa haijatulia, ikahamia mgongoni alipolazwa chali kwenye Landikruza. Jawabu lilikuwepo asubuhi ile, kwa yeyote ambaye angempiga picha palepale mtaroni na kumpeleka mochari. Sisi tulilimwagia maji.

Najua mtaniambia habari ya Ojwang', kwamba hata ukipasua haki haiji. Haya, tumtazame Ojwang'.

Albert Ojwang', mwalimu na mwanablogu, alikamatwa Homa Bay tarehe 7 Juni 2025, akaletwa Nairobi na kufungiwa kituo cha polisi cha Central. Usiku huohuo akakimbizwa Hospitali ya Mbagathi, na huko ikaonekana ameshafariki. Polisi wakatoa taarifa: amejigonga kichwa ukutani ndani ya seli. Seli ni yao, mashahidi ni wao, na baadaye IPOA, mamlaka ya kuwasimamia polisi, ikasema kamera za kituo zilichezewa. Kilichobaki bila kuchezewa ni mwili wenyewe.

Tarehe 10 Juni timu ya wataalamu ikiongozwa na Dkt. Bernard Midia ilimfungua. Walikuta jeraha la kichwa, shingo iliyokabwa, na majeraha mengi ya nyama sehemu mbalimbali za mwili. Lakini kilichoua ile hadithi ya ukuta ni mpangilio. Mtu akijigonga ukutani huumia mbele, kwenye paji la uso. Ojwang' alikuwa na damu iliyovilia chini ya ngozi ya kichwa pembeni, usoni na nyuma. Kisha ongeza shingo: ukuta haukabi mtu. Midia akasema haielekei kwamba alijifanyia mwenyewe.

Kesho yake Inspekta Jenerali Douglas Kanja alisimama mbele ya Seneti akaomba radhi kwa ile taarifa. Kabla ya mwezi kwisha, watu sita, maafisa wa polisi wakiwemo, walifikishwa mahakamani kwa mauaji, wakakana. Hukumu ni kazi ya mahakama. Ninachosema ni hiki: bila ripoti ile, faili lingeandikwa "alijigonga" na kufungwa. Ripoti ndiyo iliyowapa wapelelezi cha kutafuta: si ukuta tena, bali watu walioingia selini usiku ule.

Wengine wanasema dini inakataza. Kuheshimu maiti ni wajibu, na hadithi ya kuvunja mfupa wa maiti sote tunaijua. Lakini wanazuoni wamelijadili hili zamani. Baraza la Wanazuoni Wakuu la Saudi Arabia liliruhusu mwaka 1976 upasuaji pale kesi ya jinai inapohitaji. Hao si watu wa kulegeza mambo. Na kazi yenyewe ni ya saa chache. Mara nyingi kinachochelewesha ni daktari na makaratasi, na hapo ndipo familia iwasumbue, si kuchukua maiti na kuondoka. Wengine watasema mwoshaji hufunika alichokiona. Hufunika aibu ya maiti, ndugu yangu. Jeraha si aibu ya maiti. Ni aibu ya aliyemjeruhi.

Kwa hiyo kifo chenye shaka kikitokea, kabla ya maji na sanda, familia ichukue nambari ya OB na idai uchunguzi wa maiti. Mnaruhusiwa kuomba daktari wenu awepo mezani akiangalia, na mpewe nakala ya ripoti. Nguo alizovaa zisifuliwe wala zisichomwe; zikauke, ziwekwe kwenye mfuko wa karatasi, kwa sababu plastiki huzifanya zioze. Kucha zisikatwe kabla daktari hajazichunguza, maana chini yake huenda kuna ngozi ya aliyemkaba.

Polisi wasipojua nani aliua, au wakijifanya hawajui, kuna inkwesti. Huu ni uchunguzi wa hakimu mahakamani, na hauhitaji mshtakiwa. Sheria ya Mwenendo wa Mashtaka ya Jinai, kifungu cha 387, inataka hakimu achunguze kifo cha mtu aliyekuwa mikononi mwa polisi au gerezani, na kifungu cha 388 kinampa Mkurugenzi wa Mashtaka ya Umma uwezo wa kuagiza uchunguzi wa kifo fulani. Inkwesti haimfungi mtu. Lakini huwaita mashahidi waape, na mwisho hakimu anaweza kutaja anayestahili kushtakiwa. Mtoto Samantha Pendo, wa miezi sita, alikufa baada ya uvamizi wa polisi Kisumu, Agosti 2017. Ni inkwesti iliyowanyooshea kidole makamanda wa polisi, Februari 2019.

Hakimu anaweza hata kuamuru kaburi lifukuliwe. Mifupa iliyovunjika itaonekana, na risasi iliyobaki ndani itapatikana. Lakini weusi wa ngozi, masizi ya bunduki, damu iliyovilia shingoni, vyote huoza au huwa vimeshaoshwa.

Nilirudi kwa mama yake kijana wetu kumwuliza kama yuko tayari tuombe kaburi lifunguliwe. Akafikiri kitambo, akaniuliza kitaonekana nini. Nikamwuliza nguo alizokuwa amevaa ziko wapi. Akasema zilikuwa na damu na matope, na siku ya tatu ya matanga walizichoma nyuma ya nyumba.