Mteremko Mkali Si Unyumbufu Mkubwa

Kila inapopendekezwa kuongeza ushuru wa soda, hutokea mchambuzi anayeonyesha mchoro wa mahitaji wenye mstari unaoshuka kwa ukali, kisha akatangaza kwamba wanywaji ni wepesi mno kuikimbia bidhaa bei inapopanda, kwa hiyo Hazina isitarajie mapato ya maana. Huenda hofu yake kuhusu mapato ina msingi, lakini mchoro wenyewe hauithibitishi, kwa kuwa amechukua mteremko wa mstari na kuuita unyumbufu, yaani kiwango cha wanunuzi kuitikia mabadiliko ya bei.

Kosa hili lina chanzo kinachoeleweka. Katika hisabati ya kawaida, kitu kinachosababisha huwekwa kwenye mhimili wa mlalo na matokeo yake kwenye mhimili wa wima, na hivyo ndivyo Mfaransa Cournot alivyochora mahitaji mwaka 1838, bei ikiwa kwenye mlalo. Alfred Marshall, ambaye kitabu chake cha mwaka 1890 kiliwalea wanauchumi wengi, aliiweka bei kwenye wima, na desturi yake ndiyo iliyobaki madarasani. Katika mchoro wa Marshall, basi, mstari mkali unaonyesha bei ikipanda sana huku kiasi kinachonunuliwa kikipungua kidogo, na ukisimama wima kabisa maana yake ni kwamba wanunuzi hawapunguzi chochote. Mchambuzi aliyesoma ukali kama wepesi wa kuitikia amesoma kinyume.

Hata hivyo, kumgeuzia maneno na kusema kwamba mstari mkali daima una unyumbufu mdogo hakutoshi, na hapa ndipo vitabu vingi vya shule huishia mapema mno. Unyumbufu ni asilimia ya mabadiliko ya kiasi ikigawanywa kwa asilimia ya mabadiliko ya bei, ilhali mteremko hupima shilingi kwa chupa, kwa hiyo hubadilika mara tu kipimo kinapobadilishwa. Mauzo yaleyale yakihesabiwa kwa kreti za chupa 24 badala ya chupa mojamoja, mteremko huongezeka mara 24, na bado hakuna mnywaji hata mmoja aliyebadili tabia yake.

Tuchukue soko la kubuni la mji mmoja, ambamo chupa 150,000 huuzwa kwa wiki bei ikiwa shilingi 500, na kila nyongeza ya shilingi 100 hupunguza mauzo kwa chupa 10,000, ili mchoro uwe mstari ulionyooka wenye mteremko mmoja tangu mwanzo hadi mwisho. Bei ikipanda kutoka 500 hadi 600, ongezeko ni asilimia 20, lakini mauzo hupungua kwa chini kidogo ya asilimia 7, kwa hiyo unyumbufu ni takriban theluthi moja. Kwenye mstari huohuo, bei ikiwa 1,500, mauzo ni chupa 50,000. Nyongeza ileile ya shilingi 100 sasa ni chini ya asilimia 7 ya bei, ilhali chupa 10,000 zinazopotea ni asilimia 20 ya mauzo, na unyumbufu umefika 3. Ikiwa shilingi 100 hizo ndizo ushuru mpya, na wauzaji wakaupitisha wote kwa mnunuzi, jambo ambalo si lazima litokee, serikali itakusanya shilingi milioni 14 kwa wiki katika hali ya kwanza na milioni 4 tu katika ya pili, na mstari haujasogea hata kidogo.

Ukali wa mstari una matumizi yake halali, ila ni finyu: mistari miwili ikikatana kwenye nukta moja, katika mchoro mmoja wenye vipimo vilevile, ule mkali zaidi ndio wenye unyumbufu mdogo zaidi kwenye nukta hiyo, kwa sababu bei na kiasi cha kuanzia ni kimoja kwa yote miwili. Ukilinganisha mchoro wa soda na mchoro wa mkaa uliochorwa na mtu mwingine kwa vipimo vingine, ulinganisho huo hauna maana yoyote.

Wanaotetea ushuru kwa ajili ya afya na wanaoutetea kwa ajili ya mapato hawatafuti unyumbufu uleule, kwani wa kwanza wangependa uwe mkubwa na wa pili wangependa uwe mdogo, na pande zote mbili zina haki ya kubishana. Lakini pendekezo la ushuru linaloletwa na mchoro usiotaja bei ya sasa, kiasi kinachouzwa sasa, wala asilimia ya mabadiliko, linastahili kurudishwa kwa mwandishi wake kabla halijafika mbele ya wabunge.