Vidonge vya Mkebeni na Homa ya Maziwa

Mpenzi msomaji, hebu leo fungua ule mkebe unaohifadhi dawa nyumbani mwako. Bila shaka utakuta za maumivu ya kichwa, labda na chupa ya dawa ya kikohozi. Lakini chunguza vizuri pale chini. Aghalabu pana kipande cha pakiti chenye vidonge vya rangi mbili vilivyobaki mtu alipong'olewa jino au alipougua koo. Hizo ni antibiotiki, yaani dawa za kuua bakteria, nazo huwekwa kwa nia njema: atakayeugua usiku asikose cha kumeza.

Nataka tuzifuate dawa hizo hadi mtaa wa Kulamawe, mjini Isiolo. Nimeuchagua mji huo kwa sababu ya maziwa. Isiolo ni kitovu cha biashara ya maziwa ya ngamia, na mengi husafirishwa hadi Eastleigh, Nairobi, ambako wapo wanaoyanywa bila kuchemsha. Katika maziwa mabichi ya ngamia, mbuzi au ng'ombe huweza kuwamo bakteria wa bruselosi, ugonjwa ambao wengi wetu huuita homa ya maziwa. Katika kaunti jirani ya Marsabit, utafiti uliochapishwa mwaka 2015 ulipata kwamba karibu nusu ya watu waliopimwa damu walikuwa wamewahi kukutana na bakteria hao.

Sasa tuchukue mfano wa mama mmoja wa Kulamawe, mwenye umri wa miaka 30 hivi. Wiki tatu baada ya kunywa maziwa mabichi, anaanza kupata homa jioni. Usiku anatokwa na jasho hadi shuka linalowa. Kiuno na magoti yanauma, na hana hamu ya chakula. Asubuhi ana nafuu kidogo, kwa hivyo anaona hapana haja ya kwenda kupanga foleni hospitalini. Mkebeni mna vidonge 12 vya amoksisilini, masalio ya dozi ya mumewe. Anameza kimoja mara tatu kwa siku. Siku ya nne vidonge vimekwisha, na homa imeshuka.

Amepona? La. Homa ya maziwa ina tabia ya kupanda na kushuka. Humtesa mtu siku kadhaa, ikatulia, kisha ikarudi. Huenda ingeshuka siku ile hata kama angekunywa maji matupu. Isitoshe, bakteria wa bruselosi hawakai wakielea ndani ya damu tu. Huingia ndani ya chembechembe za mwili, hata zile ambazo kazi yake ni kuwala wadudu wa magonjwa, wakajificha na kuzaana humo. Amoksisilini haifiki vizuri katika maficho hayo.

Baada ya wiki mbili homa inarudi. Safari hii mama anakwenda dukani, na jirani amemwambia kwamba dawa ya homa ya maziwa ni doksisiklini. Jirani hakukosea jina. Ananunua vidonge 10, kwa kuwa ndivyo pesa zake zinavyotosha, anameza viwili kwa siku, na kwa siku tano anajisikia mzima kabisa. Hapa ndipo penye mtego mkubwa zaidi, kwa sababu nafuu hii ni ya kweli. Dawa inayofaa imeua bakteria wengi, na mwili umepumua. Lakini wale waliojificha hawakumalizika.

Hebu tufanye hesabu. Tiba inayopendekezwa na Shirika la Afya Duniani kwa mtu mzima ni doksisiklini ya miligramu 100, mara mbili kwa siku, kwa wiki sita. Hivyo ni vidonge 84. Tena haitolewi peke yake. Huongezewa sindano za streptomisini kila siku kwa wiki mbili au tatu, au vidonge vya rifampisini kwa wiki sita zote. Mama yetu amemeza vidonge 10 kati ya 84, na dawa ya pili hakuipata kabisa. Hata miongoni mwa waliomaliza tiba yote, wapo wachache wanaorudiwa na ugonjwa. Sembuse yeye!

Kufikia hapo miezi miwili imepita. Anapofika kwa daktari, ugonjwa umekuwa mgumu zaidi kuutambua. Njia moja ya uhakika ni kuotesha bakteria kutoka katika damu, lakini vidonge alivyomeza vimewapunguza, na huenda wasionekane. Kipimo cha haraka nacho hutafuta alama ambazo mwili umeacha baada ya kukutana na bakteria, na alama hizo huweza kuwa za zamani. Kwa hiyo daktari hutegemea sana maelezo ya mgonjwa. Akificha kwamba alikwisha meza dawa, wote wawili hutembea gizani. Wakati huo huo ugonjwa huweza kuingia katika uti wa mgongo au maungio, ukavimbisha korodani kwa wanaume, au kuharibu mimba.

Pengine utauliza: kwa nini asinunue basi vidonge vyote 84 pamoja na rifampisini? Sababu ni kwamba homa ya jioni, jasho la usiku na kukonda ni dalili za kifua kikuu pia, na rifampisini ni nguzo ya tiba ya kifua kikuu. Ikiwa kumbe ana kifua kikuu, naye akameza rifampisini bila zile dawa nyingine zinazoandamana nayo, bakteria wa kifua kikuu huweza kuzoea dawa hiyo. Atakuwa ameharibu silaha ambayo angeihitaji. Doksisiklini nayo kwa kawaida hawapewi wajawazito, na watoto wadogo hawapewi kwa wiki nyingi. Hao hupangiwa dawa nyingine.

Kwa hivyo, msomaji wangu, ukiwa na homa inayokwenda na kurudi, pamoja na jasho la usiku na maumivu ya kiuno au viungo, usiifungulie mkebe. Nenda ukapimwe kabla ya kumeza antibiotiki yoyote. Mwambie daktari kama umekunywa maziwa mabichi, umesaidia mnyama kuzaa au umeshika mimba ya mnyama iliyotoka. Kama umekwisha meza kitu, beba pakiti yake hata ikiwa tupu, useme umemeza vingapi na lini. Ukiandikiwa wiki sita, hesabu vidonge siku ya kwanza. Pesa zikipungua, rudi useme mapema, usikate dozi kimyakimya.

Vile vya mkebeni virudishe kwa mwenye duka la dawa akuelekeze jinsi ya kuvitupa. Usimpe jirani. Vidonge vya aina ya tetrasiklini vya zamani vilivyoharibika vimewahi kudhuru figo za watu, na joto la Isiolo si rafiki wa dawa.

Na maziwa? Yachemshe hadi yafoke. Kuyaacha yachachuke hakutoshi, kwani uchachu haumalizi bakteria hawa kwa uhakika. Sufuria moja motoni hukuepusha na vidonge 84.

Tukutane Jumapili ijayo.