Chewa 72 na mtego wa orodha katika sheria

MNAMO 2007, afisa wa kulinda rasilmali za baharini alipanda mashua ya uvuvi katika Ghuba ya Meksiko, nchini Marekani, akaanza kupima samaki. Alikuta chewa wekundu 72 waliokuwa wafupi kuliko inchi 20, kipimo kilichowekwa na kanuni za uvuvi wakati huo. Akamwandikia nahodha hati ya kosa, akaagiza samaki hao watengwe na kufikishwa bandarini kama ushahidi. Mashua ilipotia nanga, chewa waliokuwa katika makasha walikuwa 69, na urefu wao haukulingana na vipimo vya awali. Baharia mmoja alikiri kwamba wale wadogo walikuwa wametupwa baharini kwa amri ya nahodha na wengine kuwekwa mahali pao.

Nahodha alishtakiwa, miongoni mwa makosa mengine, chini ya sheria iliyopitishwa na Bunge la Marekani mwaka wa 2002 baada ya kampuni ya nishati ya Enron kuporomoka na wakaguzi wake wa hesabu kubainika kuharibu nyaraka kwa wingi. Sheria hiyo inamtia hatiani anayeharibu au kuficha, kwa nia ya kuvuruga uchunguzi wa serikali, “kumbukumbu yoyote, hati au kitu kinachoshikika”. Adhabu yake ni kifungo kisichozidi miaka 20. Nahodha alipatikana na hatia na kufungwa siku 30 tu, lakini alikata rufaa hadi Mahakama ya Juu ya nchi hiyo. Swali lilikuwa moja: je, chewa ni “kitu kinachoshikika”?

Mtoto yeyote wa Lamu au Vanga angejibu bila kusita. Hata hivyo, mnamo Februari 2015 majaji watano dhidi ya wanne waliamua kwamba kwa madhumuni ya sheria hiyo, chewa si kitu kinachoshikika. Walifikaje hapo?

Jaji Ruth Bader Ginsburg, aliyeandika maoni ya majaji wanne kati ya hao watano, alitegemea kwa kiasi kikubwa kanuni kongwe ambayo mawakili huiita kwa Kilatini ejusdem generis, yaani “ya jamii ile ile”. Kanuni hii husema kwamba sheria ikitaja vitu mahususi kisha ikamalizia kwa neno la jumla, neno hilo la jumla hubanwa na vile vilivyotangulia. Mwenye nyumba akibandika tangazo kwamba wapangaji hawaruhusiwi kufuga ng’ombe, mbuzi, kondoo “au mnyama mwingine”, mpangaji mwenye paka ana haki ya kusema kwamba yeye hakulengwa, kwa kuwa waliotajwa wote ni mifugo. Kwa mantiki hiyo, “kitu kinachoshikika” kinachofuata “kumbukumbu” na “hati” lazima kiwe kitu cha kuhifadhi habari, mathalani kompyuta. Chewa hahifadhi habari.

Jaji Samuel Alito, ambaye kura yake ndiyo iliyokamilisha wingi huo, aliafiki matokeo kwa njia nyembamba zaidi. Aliangalia majina, vitenzi na kichwa cha kifungu kwa pamoja. Kifungu hicho kinakataza pia kughushi na kuingiza maandishi ya uongo katika vitu vilivyotajwa, na ni vigumu kuona jinsi mtu anavyoweza kuandika uongo ndani ya samaki.

Jaji Elena Kagan, akiandika kwa niaba ya wanne waliopinga, alisema maneno ya sheria yako wazi na kanuni hazipaswi kutumiwa kuleta utata mahali ambapo haupo. Halafu akaongeza hoja inayofaa kutafakariwa na kila anayeipenda kanuni hii. Ni kweli, alisema, kwamba kumbukumbu na hati huhifadhi habari. Lakini vile vile vyote viwili hutoa habari, na kwa hiyo vyaweza kuwa ushahidi. Katika sheria inayohusu kuvuruga uchunguzi, hiyo ndiyo sifa yenye uzito. Ukiichukua hivyo, chewa waliopimwa na afisa ni wa jamii moja na daftari la hesabu.

Hapo ndipo udhaifu wa kanuni unapojitokeza. Inamwambia jaji atafute jamii inayoviunganisha vitu vilivyotajwa, lakini haimwambii jamii ipi. Vitu vyovyote viwili vina sifa nyingi zinazofanana. Ng’ombe, mbuzi na kondoo ni mifugo. Ni wanyama wenye kwato. Ni wanyama wanaochafua ua. Mwenye mbwa ataponea katika jamii ya kwanza na ya pili, lakini atanaswa katika ya tatu. Anayechagua sifa ndiye anayeamua kesi, na uchaguzi huo hautoki katika kanuni bali katika jinsi jaji anavyolielewa lengo la sheria. Ikiwa lengo limeshafahamika, kanuni imebaki na kazi ndogo. Ikiwa halijafahamika, kanuni haiwezi kulifichua.

Ndugu ya kanuni hiyo ni ile iitwayo expressio unius, ambayo maana yake ni kwamba kutaja kimoja ni kukiacha kingine nje. Bango la zahanati likisema watoto walio chini ya miaka mitano hawatozwi ada, mgonjwa wa miaka 30 anajua kwamba yeye atalipa, ingawa bango halikumtaja. Binadamu hufikiri hivyo kila siku. Tatizo ni kwamba kimya cha mtunga sheria kina sababu nyingi. Huenda alikiacha kitu kwa makusudi. Huenda hakukifikiria kabisa. Huenda kitu chenyewe hakikuwapo wakati huo, au alikitaja hiki kimoja kwa sababu tu kulikuwa na watu walioulizia.

Tahadhari inayonukuliwa zaidi ilitolewa na Jaji Lopes wa Mahakama ya Rufaa ya Uingereza mwaka wa 1888, katika kesi ya kodi iliyohusu faida ya biashara iliyoendeshwa Melbourne, Australia. Alisema kwamba kanuni hii ni mtumishi wa thamani lakini bwana wa hatari, kwa kuwa mara nyingi kuachwa kwa kitu hutokana na bahati mbaya au kupitiwa, na kwamba haifai kutumiwa inapozaa mgongano au dhuluma. Kauli hiyo imefuatwa na mahakama za nchi nyingi zilizorithi sheria za Kiingereza.

Kenya ni mojawapo ya nchi hizo, lakini Katiba ya 2010 ilikwenda mbele zaidi ya onyo la jaji. Kifungu cha 259(4)(b) kinaeleza kwamba popote Katiba inapotumia neno la Kiingereza lenye maana ya “ikiwa ni pamoja na”, maana yake ni “ikiwa ni pamoja na, lakini bila kuishia hapo”. Kwa maneno machache, waandishi wa Katiba waliwafungia mlango wale ambao wangetaka kusema kwamba kisichotajwa kimekataliwa, angalau pale orodha inapotanguliwa na neno hilo.

Mlango huo ulijaribiwa katika kesi iliyoanzia kwa ombi la kusajili shirika lisilo la kiserikali la kutetea haki za wapenzi wa jinsia moja. Bodi ya kuratibu mashirika hayo ilikataa jina lililopendekezwa. Mahakama Kuu iliamua dhidi ya bodi mwaka wa 2015, Mahakama ya Rufaa ikafanya vivyo hivyo mwaka wa 2019 kwa majaji watatu dhidi ya wawili, na suala likafika Mahakama ya Juu.

Kifungu cha 27(4) kinaikataza Serikali kumbagua mtu kwa msingi wowote, “ikiwa ni pamoja na” mbari, jinsia, ujauzito, hali ya ndoa, hali ya afya, umri, ulemavu, dini, mavazi, lugha na mengineyo. Mwelekeo wa kimapenzi haumo. Afrika Kusini, ambayo Katiba yake ya 1996 ina orodha inayofanana sana na hii, iliutaja waziwazi. Anayefuata kanuni ya kutaja na kuacha ana hoja ya nguvu hapa: Wakenya waliandika yao miaka 14 baadaye, mfano wa Afrika Kusini ukiwa hadharani, na hawakuuweka mwelekeo huo. Ni vigumu kudai kwamba walipitiwa.

Februari 24, 2023, majaji watatu dhidi ya wawili waliamua vingine. Naibu Jaji Mkuu Philomena Mwilu pamoja na Majaji Smokin Wanjala na Njoki Ndung’u walisema kwamba orodha ya Kifungu cha 27(4) ni ya mifano wala haikukamilika, na kwamba inajumuisha mwelekeo wa kimapenzi. Majaji Mohammed Ibrahim na William Ouko walipinga. Uamuzi huo ulizua ghadhabu bungeni na katika nyumba za ibada, na ombi la kuutaka ubatilishwe likatupwa Septemba mwaka huo huo.

Msomaji anaweza kukubaliana na walio wengi au na walio wachache. Jambo la kisheria ni dogo kuliko kelele zilizofuata. Kifungu cha 259 kiliondoa hoja ya kimya, lakini hakikusema ni nini hasa kinachoingia katika orodha iliyo wazi. Hapo jaji anarudi pale alipokuwa Jaji Kagan na chewa wake: ni lazima aulize misingi iliyotajwa inafanana kwa lipi, na kifungu kinalenga kumlinda nani. Sehemu ya kwanza ya Kifungu hicho cha 259 humwelekeza atafsiri kwa namna inayoendeleza malengo, maadili na kanuni za Katiba. Ni mwongozo, lakini haukuwazuia majaji watano kugawanyika.

Haimaanishi kwamba kila orodha iko wazi. Jedwali la Kwanza la Katiba lina kaunti 47 kwa majina, na hakuna mahakama itakayosikiliza hoja kwamba ya 48 imo kwa kudokezwa. Orodha hiyo iliandikwa ili iwe kamili, na hapo kutaja ni kuacha kweli. Katika sheria za jinai pia, mshtakiwa hustahili kufaidika na shaka, na ndiyo maana kanuni ya jamii moja hupokewa kwa wepesi zaidi inapomwokoa mtu na jela.

Wanaoandika miswada wameijua hatari hii kwa muda mrefu. Ndiyo sababu vifungu vingi vya sheria za Kenya vinavyompa waziri mamlaka ya kutunga kanuni huwa na maneno “bila kupunguza upana wa yaliyotangulia” kabla ya orodha kuanza. Maneno hayo huzuia orodha isilibane neno la jumla. Lakini pale yanapokosekana katika kifungu kingine cha sheria ile ile, wakili hodari husimama na kudai kwamba mtunga sheria aliyajua, aliyatumia kwingine, na hapa aliyaacha makusudi.