Beseni la Maji Halikingi Jicho

Kila jua linapopatwa, wataalamu wa uani hawakosekani. Mmoja atakuambia ujaze maji kwenye beseni, uiname, ulitazame jua humo ndani, eti maji hupoza mwanga. Mwingine ametoa picha ya eksirei ya kifua cha bibi na kuikunja mara mbili. Wa tatu ana miwani nyeusi ya mtumba, naye haoni haja ya kitu kingine. Ukiwasikiliza vizuri, wote wana hoja moja: ukiweza kulitazama jua bila kukunja uso, basi jicho liko salama. Hoja hiyo ni ya uongo, na imewaachia watu madoa ya kudumu machoni.

Beseni ndilo linaloaminiwa kuliko vyote, kwa hiyo tuanze nalo. Maji hayapozi mwanga. Uso wa maji huurudisha mwanga kidogo na kuuacha uliobaki uzame. Jua likiwa karibu na utosi, unaorudi ni kama asilimia 2. Waweza kusema ni kidogo mno. Lakini kiwango cha kimataifa cha miwani ya kutazamia jua, ISO 12312-2, hakiruhusu zaidi ya asilimia 0.0032 ya mwanga unaoonekana kupita. Piga hesabu mwenyewe: beseni linakupa zaidi ya mara 600 ya kinachoruhusiwa. Jua likishuka hadi nyuzi 20 juu ya upeo, maji yaleyale yatarudisha zaidi ya asilimia 10, sawa na miwani nyingi za jua za kawaida. Kuna wanaotia wino au masizi ili maji yawe meusi. Wanajisumbua bure. Mwanga unaokufikia umegonga uso wa maji ukarudi, haukuzama hata ukakutana na huo wino.

Hapo ndipo mtetezi wa beseni hudakia: "Mbona mimi nilitazama na sikupata kitu?" Inawezekana kabisa. Kuchungulia mara moja kwa sekunde moja au mbili huenda kusiache alama. Tatizo ni kwamba kupatwa kwa jua, tangu mwezi unapoanza kulimega hadi unapoliachia, huweza kuchukua saa tatu hivi, na mtu hurudi kutazama tena na tena. Madhara makubwa hayaletwi na joto la kuunguza. Yanaletwa na mwanga wenyewe, hasa ule wa samawati, unaochochea mabadiliko ya kikemikali ndani ya seli za retina, na madhara ya mchana mmoja hujumlishana. Sehemu inayopigwa ni fovea, kile kidoa kidogo katikati ya retina tunachokitumia kusoma, kutunga uzi kwenye sindano na kutambua sura ya mtu. Retina haina mishipa ya maumivu. Kwa hiyo anayengoja jicho lake limwambie "basi" anangoja taarifa isiyokuja.

Mwaka 2017 madaktari wa macho wa New York walichapisha kisa cha mwanamke wa miaka ya ishirini aliyetazama kupatwa kwa jua kwa tarehe 21 Agosti. Mjini humo mwezi ulifunika asilimia 70 hivi tu ya jua. Alilitazama mara kadhaa kwa macho matupu, kama sekunde sita kila mara, kisha kwa sekunde 15 hadi 20 akiwa amevaa miwani ambayo haikujulikana ilitengenezwa na nani. Wakati ule hakuona tatizo. Saa nne baadaye mambo yakaanza kumvurugika: ukungu, vitu kupinda, rangi kubadilika, na doa jeusi katikati ya uoni wa jicho la kushoto. Madaktari walipoipiga picha retina ya jicho hilo kwa mashine inayoonyesha hadi seli mojamoja, walikuta sehemu iliyoharibika ina umbo la hilali, lilelile la jua alilokuwa akilitazama. Jua lilijichora ndani ya jicho lake, naye hakusikia hata mwasho.

Umbo hilo linavunja pia dai jingine, kwamba jua likifunikwa sehemu kubwa nguvu zake huisha. Tarehe 1 Septemba 2016, Rujewa wilayani Mbarali, karibu na adhuhuri, mwezi uliingia katikati ya jua na kuacha pete nyembamba. Zaidi ya asilimia 90 ya jua ilikuwa imefunikwa, na mchana ulikuwa umefifia. Lakini kila kipande cha pete ile kilikuwa kinang'aa kama kinavyong'aa siku zote. Kilichopungua ni ukubwa wa sehemu ya retina inayopigwa, si nguvu ya kinachoipiga. Na kwa kuwa mazingira yamefifia, mboni hupanuka na mtu hasikii tena haja ya kufumba. Penye pete, hakuna hata sekunde moja ambayo jicho tupu linaruhusiwa.

Picha ya eksirei nayo haina heshima yoyote hapa: penye mfupa ni peupe, penye pafu ni peusi, na hakuna aliyepima kinachopita. Kioo cha mchomeleaji kinafaa kikiwa namba 12 au zaidi, bora 14. Usikiazime kabla hujasoma namba. Miwani halisi ya kupatwa unaipima ndani ya nyumba: ukiivaa usione chochote, isipokuwa labda taa kali kwa mbali sana. Ukiona meza na viti, itupe, hata kama imepigwa chapa ya ISO, maana chapa huigizwa. Na usiivae kisha ukatazama jua kwa darubini. Darubini hukusanya mwanga na kuutoboa mchujo. Mchujo hukaa mbele ya lenzi kubwa.

Asiye na miwani hana sababu ya kukimbilia beseni. Chukua kadibodi, toboa tundu moja kwa pini, lipe jua mgongo, uache mwanga upite tunduni uangukie karatasi nyeupe. Kadibodi ikiwa mita moja kutoka kwenye karatasi utapata jua dogo la milimita 9; mita mbili, milimita 18 hivi, likiwa limemegwa vilevile kama lile la juu. Usichungulie kupitia tundu, tazama karatasi. Chungio la jikoni litakupa majua kadhaa kwa mpigo, na kivuli cha mwembe mamia, maana kila upenyo kati ya majani ni tundu.

Aliyekwisha kutazama, akaamka na doa katikati ya maandishi, aende kwa daktari wa macho siku hiyohiyo. Nisimdanganye: hakuna dawa iliyothibitishwa. Wengi hupata nafuu katika miezi mitatu hadi sita, lakini si wote. Baada ya kupatwa kwa jua kwa mwaka 1999, kliniki ya Leicester, Uingereza, ilikuwa na watu 20 waliolalamikia uoni. Miezi saba baadaye, wanne walikuwa bado wanaona kivuli cha jeraha.

Tarehe 2 Agosti 2027 jua litapatwa tena. Luxor, Jeddah na Makka litafunikwa lote kwa dakika chache, na ni katika dakika hizo tu jicho tupu linaruhusiwa. Nairobi na Maskati litamegwa sehemu tu, kwa hiyo huko ruhusa hiyo haipo kabisa. Tafuteni miwani halisi mapema, na hilo beseni liacheni bafuni.