Nani alimpitisha wa kuchekwa?

Shule zikifungwa, watoto hushinda mbele ya runinga na simu, na mashindano ya vipaji ndiyo wanayoyapenda. Wazazi wengi huchunga mavazi na lugha. Wengine huangalia pia mdhamini, na wana haki: Tusker Project Fame, lililoanza hapa kwetu 2006, lilibeba jina la bia. Lakini dhihaka hatuichungi, kwa kuwa huja imevaa nguo za mzaha.

Chukua American Idol ya 2004. William Hung, mwanafunzi wa uhandisi, aliimba vibaya mbele ya majaji, wakashindwa kujizuia kucheka. Akajibu kwa upole kwamba amefanya awezalo wala hajutii. Mtazamaji hudhani kijana kama huyo alitoka kwenye foleni akaingia moja kwa moja kwa majaji. Sivyo. Wanaojitokeza ni maelfu, na watayarishaji huwasikiliza kwanza, majaji wakubwa hawapo. Mwimbaji wa wastani hurudishwa nyumbani hapo hapo. Wanaopitishwa ni hodari, pamoja na wachache walio wabaya kabisa, ambao mara nyingi hudhani wamepita kwa sauti zao. Hiyo si bahati mbaya. Mtu mzima aliketi akaamua huyu aletwe achekwe, na Surat Hujurat imetukataza kudharauliana.

Linganisha na The Voice, lililoanza Uholanzi 2010. Waalimu huketi wamempa mwimbaji mgongo, na apendezwaye na sauti hugeuza kiti. Mchezo wote umejengwa juu ya sauti nzuri, kwa hivyo anayeimba vibaya hana kazi pale na hapitishwi. Anayekosa kiti huelezwa alipokosea. Huzuni ipo, hasa kwa watoto, lakini kicheko hakipo.

Chemsha bongo nazo ni hivyo hivyo. Tazama kanuni inampa nini anayekosa jibu. Katika The Weakest Link ya Uingereza, wachezaji humpigia kura mwenzao atoke, na mtangazaji Anne Robinson alisifika kwa maneno ya kuchoma. Katika Who Wants to Be a Millionaire, asiyejua jibu anaweza kuomba msaada, au kusimama akaondoka na pesa alizokwisha pata. Sisi tuliozoea mashindano ya kuhifadhi Qur'ani twaujua utaratibu huu: kijana akiteleza, msimamizi humpa ishara, naye hupata nafasi ya kujisahihisha.

Basi tazama peke yako kipindi kimoja cha mchujo kabla ya kuwaita watoto. Sikiliza muziki: ukibadilika ukawa wa kuchekesha kabla mshindani hajafungua kinywa, hukumu imeshatolewa. Angalia pia kamera inamfuata nani anapotoka akilia. Mara nyingi ubaya huu huwa katika vipindi vya mwanzo tu. Wakishabaki waimbaji wenyewe, shindano hutulia. Familia yaweza kuanzia hapo, isipokuwa vile vipande vya mchujo huzunguka kwenye simu mwaka mzima.