Onyo likae mbele, salamu zitafuata

Huku Kashuga na vijiji vya jirani, mchimbaji anasoma WhatsApp kwa haraka. Rezo inakuja na kwenda, mega ni za kununua, na moto wa telefone unatafutwa kwa mwenye panneli ya jua. Kwa hiyo watu wengi wamezima kupakua video kwenyewe. Video ikifika ku grupe, wanaona picha yenye ukungu na uzito wake, na chini yake maneno tuliyoandika. Maneno yale ndiyo yanamwambia kama video inafaa mega zake.

Tena, mbele ya kufungua grupe, kuna orodha ya mazungumzo. Pale WhatsApp inaonyesha mwanzo tu wa mesaji. Kwa telefone moja ya bei ndogo tulihesabu: jina la mtumaji na alama ya kamera vikiisha kuchukua nafasi yao, zinabaki herufi 31, pamoja na nafasi kati ya maneno. Telefone ingine itatoa zaidi au pungufu. Lakini Kiswahili chetu kina maneno marefu, na herufi 31 ni maneno manne au matano basi.

Tuchukue mfano. Maji yameingia usiku katika shimo la juu, na komite inatuma video ya kukataza watu. Chini yake inaandikwa kama barua ya ofisi: «Ndugu wachimbaji wote, kwa heshima kubwa tunapenda kuwajulisha...» Ku orodha kitaonekana hiki:

«Ndugu wachimbaji wote, kwa hesh...»

Hata heshima yenyewe imekatwa katikati. Mtu anaona salamu, anaweka telefone mfukoni, anashuka.

Kubaya zaidi ni ile inayokatika vizuri. Komite nyingine ingeandika: «Wote mnaruhusiwa kushuka kesho, ila si shimo la juu.» Hesabu mwenyewe: herufi ya 31 ni ile koma. Msomaji anabaki na ruhusa kamili, na katazo limefichwa nyuma ya kioo. Ndiyo maana tunasema katazo litangulie ruhusa, siku zote.

Sisi tunaandika hivi: «Msishuke shimo la juu 12/3. Maji yameingia usiku.» Tendo, mahali na tarehe vinaingia ndani ya herufi 26. Sababu inaweza kukatwa bila mtu kufa. Na tunaweka tarehe, hatuandiki «leo», juu mesaji inatumwa tena na tena: ikipitishwa ku grupe ingine, WhatsApp inaandika saa ya kupitishwa, haionyeshi saa ile ya kwanza. «Leo» ya Jumatatu inasomwa Alhamisi.

Kuna wanaodhani kuandika mbele ni kupiga kelele. «HARAKA!!! TUMENI KWA GRUPE ZOTE» inajaza nafasi yote, na bado hatujui ni shimo, ni barabara, ao ni kifo. Hayo maneno tumeyazoea mpaka hayatuamshi tena.

Sasa video yenyewe. Wengi wanaitazama bila sauti: mtoto amelala, wako ku mkutano, ao wako njiani ambako si vizuri telefone iongee juu ya mambo ya kareri. Ku Facebook pia video inaweza kuanza kujicheza kimya. Na bila sauti, video yetu ya onyo inaonyesha nini? Wanaume wanasimama karibu na shimo, maji, pompi. Ni picha ya kazi ya kila siku. Mtu atasema: wanavuta maji, kesho tunaingia. Picha imesema kinyume cha mdomo.

Basi yale maneno ya kwanza yaandikwe pia juu ya picha, tangu sekunde ya kwanza, kwa herufi kubwa, katikati. Chini kabisa alama za telefone zinaweza kuyafunika. Faida ingine: mtu akihifadhi video na kuituma upya, maneno yaliyokuwa chini yanabaki nyuma. Yale ya ndani ya picha yanasafiri nayo mpaka Mweso na Pinga.

Wazee wa sindika wametuambia kuanza bila salamu ni kukosa adabu. Tunawaelewa, sisi pia tulilelewa hivyo. Lakini mtu akiona jiwe linateremka juu ya mwenzake, hamwamkii kwanza. Salamu, jina la komite na namba ya kuuliza vikae mstari wa pili na wa tatu. Atakayefungua atavikuta vyote.

Mbele ya kutuma ku grupe kubwa, tumeni kwanza kwa mwenzenu mmoja asiyejua habari. Asifungue. Asome ku orodha tu, aseme ameelewa nini. Kisha aitazame video, sauti imezimwa, na muulize tena: tushuke ao tusishuke?