Enaji Haikati Pombe

Ipo imani iliyozoeleka vijiweni, kwamba kopo la kinywaji cha kuongeza nguvu, maarufu kama enaji, "hukata" pombe. Imani hiyo ni ya uongo, na Kibiti, mji uliokaa juu ya barabara ya Kilwa, uongo huo una gharama ya damu.

Tuanze na mwili. Pombe huamsha usingizi kwa njia kadhaa, mojawapo ikiwa kuongeza adenosini, kemikali inayouambia ubongo kwamba umechoka. Kafeini iliyomo katika enaji huziba milango ya adenosini. Mlevi hukoma kusinzia, naye huhesabu kukoma huko kuwa ni kulevuka. Lakini ini halijaongezewa kasi hata kidogo, na pombe iliyomo katika damu imebaki vilevile.

Mwaka 2006, watafiti wa Sao Paulo, Brazili, walichapisha jaribio walilolifanya kwa vijana 26. Waliokunywa mchanganyiko huo walijiona wana udhaifu mdogo na viungo vyao vikiwatii zaidi. Vipimo havikukubaliana nao: uratibu wa viungo na wepesi wa kuitikia wanachokiona ulikuwa umeharibika sawasawa na wa waliokunywa pombe tupu.

Sasa tumchukue dereva wa bodaboda mwenye kilo 70. Tangu saa 1 usiku hadi saa 4 amemaliza chupa ya mililita 250 ya Konyagi, yenye kilevi cha asilimia 35, pamoja na makopo mawili ya enaji. Hiyo ni takriban gramu 69 za kilevi. Kwa makadirio ya kawaida, damu yake ina karibu miligramu 100 za kilevi kwa kila mililita 100, ilhali ukomo wa jumla wa sheria yetu ni 80. Kiasi hicho hupungua kwa takriban 15 kila saa, hivyo hatakuwa mtupu kabla ya saa 10 au 11 alfajiri. Macho yake yamekodoka, ulimi wake hauburuzi, naye anampakia abiria wa Ikwiriri. Nahodha wa boti anayetoka Nyamisati alfajiri kupita kwenye mikondo ya mikoko yumo katika hesabu hiyohiyo.

Msiniambie hili ni suala la maadili ya mtu binafsi. Tunamtaka mlevi ajipime kwa hisia, ilhali hisia ndiyo iliyoghushiwa. Marekani ilitambua hivyo Novemba 2010, mamlaka yake ya chakula na dawa ilipoyaonya makampuni manne yaliyouza pombe iliyotiwa kafeini. Sisi tulipiga marufuku viroba Machi 2017, lakini mchanganyiko huu hauhitaji kiwanda: hufanyika mezani.

Basi askari asiridhike na dereva aliye macho, ampime pumzi. Na TBS, iliyokabidhiwa usalama wa chakula mwaka 2019, isimamie onyo la Kiswahili lisomekalo juu ya kopo: kinywaji hiki huondoa usingizi, hakiondoi ulevi.